Zawadi na saa ya pamoja kwa mwenza aliye mbali: maswali ninayoulizwa na walio Dubai

Nauza kanga Kariakoo. Kwa miaka sasa wateja wangu wengi ni watu walio Dubai ambao wenza wao wamebaki Tanga, Dar es Salaam au Unguja, na siku ya kumbukumbu ya ndoa au ya kuzaliwa inafika wakati likizo bado iko mbali. Wananitafuta kwa ajili ya kanga, lakini mazungumzo huishia kwenye mambo mengine kabisa: saa ngapi wapige, mzigo upitie kwa nani, afanye nini mtandao ukigoma. Nimeyaandika hapa maswali yanayojirudia.

Ili majibu yasielee hewani nitamfuata mteja mmoja, ambaye yeye na mkewe wameniruhusu niwasimulie bila majina. Kaka huyu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja Deira. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Ngamiani, Tanga, na watoto wao wawili pamoja na mama mkwe. Kumbukumbu ya ndoa yao iliangukia Jumatano, siku ya kazi kwa wote wawili.

Nianze kutafuta zawadi au nianze kupanga saa?

Anza na saa. Watu wengi hununua zawadi kwanza, halafu siku yenyewe wanagundua kwamba yeye yuko kazini mwenzake akiwa macho, na akitoka kazini mwenzake amelala. Zawadi inafunguliwa peke yake mezani, picha inatumwa, kinarudi kijikopa, basi.

Chukua karatasi uandike siku ya kila mmoja ilivyo kweli, saa kwa saa. Yule kaka alikuwa na zamu ya kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku kwa saa za Dubai. Alitaka "chakula cha usiku cha pamoja" kwa simu. Lakini saa tano usiku ya kwao ni saa nne usiku ya Tanga, na mpaka apande gari la kazini, afike chumbani na aoge, Tanga inakaribia saa sita. Mkewe huamka alfajiri kuandaa watoto na kuwahi shule. Angekuwa anasinzia mbele ya kioo. Mapumziko ya katikati ya zamu nayo ni nusu saa, tena katika chumba chenye watu na kelele za vyombo.

Tulipoangalia karatasi, nafasi moja tu ilikuwa safi kwa wote wawili: alfajiri. Saa kumi na moja na nusu ya Tanga mkewe ameshaswali na watoto bado wamelala. Dubai ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wenzake wa chumbani wamelala au wametoka, na zamu yake iko mbali. Kwa hiyo chakula cha usiku kikageuka kuwa chai ya asubuhi, na zawadi yote ikapangwa kuifuata chai hiyo.

Tofauti ya saa kati ya Dubai na nyumbani ni ngapi hasa?

Dubai iko mbele ya Tanzania na Kenya kwa saa moja, mwaka mzima, maana pande zote hazisogezi saa kwa msimu. Muscat ni hivyohivyo. Doha na Riyadh saa zao ni sawa na zetu. Kama mwenzako yuko Uingereza, hesabu hubadilika: saa tatu nyuma yetu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, na badiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Siku yenu ikiwa karibu na Jumapili hizo, hakikisha upya.

Kosa kubwa zaidi halitokani na hiyo saa moja. Linatokana na namna ya kutaja. Aliyezoea kazi ya Dubai anaandika "nitapiga saa 9" akimaanisha ile tisa ya kwenye simu, yaani saa tatu. Mkewe anasoma saa tisa, akili yake inaenda alasiri au usiku wa manane. Andikeni hivi: "saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Tanga", kwa maneno, na mji utajwe. Kisha kila mmoja aweke kengele ya simu yake siku hiyohiyo mnayokubaliana.

Mbona nikipiga WhatsApp kutoka Dubai haiunganishi?

Kwa sababu simu za sauti na za video za WhatsApp kwa kawaida zimezuiwa Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi, picha na ujumbe wa sauti unapita vizuri, ila kupiga ndiko kunakozuiwa. Wanaoishi huko wanatumia programu zilizoruhusiwa, na inayojulikana zaidi kwa watu wetu ni Botim.

Jambo la kukumbuka ni kwamba lazima iwe kwenye simu zote mbili. Aliye nyumbani mara nyingi hana, na kuipakua asubuhi ya tukio ni kujitafutia dhiki: nafasi kwenye simu imejaa, namba ya uthibitisho haifiki, bando linakwisha. Iwekeni wiki mbili kabla na mpigiane angalau mara moja kwa saa ileile mliyopanga, kwa kuwa mtandao wa alfajiri si ule wa saa mbili usiku. Wengine huniambia wanatumia VPN. Mimi siwashauri, sheria ya huko ni kali kwa anayeitumia kukwepa kilichozuiwa, na hakuna chai inayostahili kukuingiza matatani ugenini.

Kwa nini nisitume tu hela anunue anachotaka?

Hela inayofika kwenye simu ya mke mwenye watoto haina jina. Ikifika imeshagawanyika: gesi, daftari, dawa ya mama. Siku ikiisha hana cha kushika, na wewe ukiuliza "ulinunua nini?" unamtia aibu bure.

Ila kuna upande wa pili, na huu wateja wanausahau. Zawadi ikifika wakati matumizi ya mwezi hayajafika, hata iwe nzuri namna gani, itapokelewa kwa moyo mzito. Mke ataangalia ile kanga na udi ahesabu ni unga kiasi gani. Kwa hiyo tuma matumizi kwanza, kwa ukamilifu, siku kadhaa kabla. Zawadi ije baadaye kama kitu cha pembeni. Yule kaka alituma hela ya nyumbani Ijumaa ya wiki iliyotangulia, na mkewe aliniambia baadaye kwamba ndiyo sababu aliifungua zawadi bila kinyongo.

Kama huna budi kutuma hela tu, ilipe moja kwa moja kwa mtu wa kazi: fundi wake wa nguo, msusi wake, mama anayempikia. Walipe kwa M-Pesa au Airtel Money, uwaambie ni ya nani na ya siku gani.

Ninunue Dubai nisafirishe, au ninunue hukuhuku?

Kanuni yangu ni fupi: kutoka uliko leta kile tu ambacho hakipatikani kwake, au kile ambacho mkono wako umekigusa. Vingine vyote vinunuliwe karibu naye. Kila kilomita ni nafasi ya kitu kuvunjika, kuchelewa au kukaguliwa.

Kwa kaka huyu, kutoka Dubai kulikuja vitu viwili tu: kijipakiti cha udi, na barua aliyoiandika kwa kalamu, kurasa mbili, ndani ya bahasha iliyofungwa. Kanga ilitoka dukani kwangu. Chai, maziwa na mahamri vilitoka Ngamiani, hatua chache kutoka mlangoni.

Barua naitilia mkazo. Watu wanaandikiana ujumbe kutwa nzima, na kwa hiyo ujumbe mwingine wa siku hiyo unazama na kupotea kati ya "umekula?" na "mtoto ana homa". Mwandiko wa mtu kwenye karatasi unabaki kabatini.

Nachaguaje kanga nikiwa sioni wala sigusi?

Hapa ndipo kwenye kazi yangu, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Doti moja ni vipande viwili vinavyofanana, vikiwa bado vimeungana, kila kimoja na upana wa kutosha kufunga kiunoni hadi chini. Kila kipande kina pindo kuzunguka ukingoni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Aliye mbali huchagua kwa rangi. Anayepokea husoma jina kwanza. Na siyo yeye tu: mama mkwe atalisoma, wifi atalisoma, majirani watalisoma atakapopita kwenda dukani.

Yule kaka alivutiwa na kanga ya kijani yenye maua meupe niliyoiweka kwenye picha ikiwa imekunjwa. "Hiyohiyo dada, niwekee." Nikaifungua, nikaipiga picha upya ikiwa imetandazwa, nikamtumia. Jina lake: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Alikaa kimya kidogo, kisha akanipigia akicheka hadi akapaliwa. Fikiria ingefika hivyo, siku ya kumbukumbu ya ndoa, mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aitandaze na kuipiga picha jina likisomeka lote kwa mstari mmoja. Ulisome kwa sauti. Halafu jiulize maswali mawili. Kwanza, linaelekezwa kwa nani? Jina kama NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE ni zuri, lakini akilivaa mtaani kuna atakayeona amesemwa, na nyumba yenye mama mkwe na mawifi haihitaji kijembe kutoka Dubai. Pili, linasemaje kuhusu kuwa mbali? JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ni jina la zamani linalopendwa sana, lakini kutoka kwa mume kwenda kwa mkewe linaleta swali: hupati nini? Majina ya furaha ya wazi, mfano LEO NI SIKU YA SHANGWE NA FURAHA, hayana mtego. Na MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA ndilo alilochagua hatimaye, kwenye rangi ya zambarau na njano, kwa kuwa mkewe ni mtu wa utani na anajulikana hivyo.

Ukitaka kukumbusha harusi yenyewe, kuna kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo watu wa pwani wanaihusisha na bibi harusi. Hiyo inasema bila kuhitaji maelezo.

Kuhusu kitambaa, omba pamba. Kama una mtu wako anayekwenda dukani, avute uzi mmoja pembeni auwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kanga mpya huwa ngumu kwa wanga wa kiwandani na nyingine huchuja rangi, basi aifue peke yake mara ya kwanza, kwa maji ya baridi. Usiikate wala kuipinda kabla ya kuituma. Mwache mwenyewe afanye.

Huwa naulizwa pia, "nikate kipande kimoja nibaki nacho huku?" Mimi napenda doti lifike zima. Kupokea kipande kimoja kuna upweke ndani yake. Kama unataka wote muwe nayo, nunua doti mbili za jina moja. Wanaume wengi huko hulalia kanga kama shuka, hakuna atakayeshangaa.

Nipitishe kwa nani ili siri isivuje?

Unahitaji mtu mmoja aliye karibu na mwenzako, mmoja tu. Kwa mume aliye mbali, mtu huyo afaa awe dada yako, yaani wifi wa mkeo, au dada wa mkeo mwenyewe. Kumtafuta shoga yake mkeo ni jambo ninaloliogopa. Wewe unajua ni mambo ya zawadi, lakini mkeo akiona jina lako kwenye simu ya rafiki yake saa nne usiku, na rafiki anababaika kujibu kwa kuwa anatunza siri, umeharibu kabla ya kuanza. Nimeona nyumba ikitetereka kwa hilo.

Mama mkwe naye ajulishwe, hata kama si yeye anayebeba kazi. Ni nyumba yake. Kaka huyu alimpigia mama yake siku mbili kabla: "Mama, Jumatano alfajiri nitazungumza na mwenzangu, dada atalala hapo." Mama akajibu "haya mwanangu", na asubuhi ile akabaki chumbani kwake na watoto. Bila simu hiyo angetoka kuuliza mbona taa imewaka.

Mzigo kwa basi unakwendaje, na unaharibika wapi?

Dar hadi Tanga ni mwendo wa siku moja. Mzigo ukiondoka asubuhi unafika siku hiyohiyo. Mimi nauwahisha siku nne kabla, kwa ajili ya hitilafu. Kanga naiweka kwenye mfuko wa plastiki ukafungwa kwa gundi, maana chini ya basi mzigo wako unaweza kulala jirani na ndoo ya samaki, halafu ndani ya boksi. Juu ya boksi, pande mbili, naandika kwa kalamu nene jina la mpokeaji, namba yake na "TANGA – KANGE". Napiga picha risiti na namba ya basi, namtumia anayepokea.

Panapoharibika siku zote ni kwenye namba ya simu. Mtu anaandika namba ya mkewe kwa mazoea. Basi likifika Kange, kijana wa ofisini anapiga: "Mama, una mzigo wako kutoka Dar." Siri imekwisha. Jina na namba viwe vya wifi, na jina liwe lile lililo kwenye kitambulisho chake, si la utani, kwa kuwa ofisi nyingi huomba kitambulisho kabla ya kukabidhi.

Wifi akishaupokea afungue boksi akague, afunge tena, autunze kwake. Usipelekwe nyumbani kwa mkeo kabla ya siku.

Nikimpa msafiri alete udi au marashi kutoka Dubai?

Udi, tende na barua havina shida. Marashi yenye spirti ni kitu kinachowaka: posta nyingi haziyakubali kabisa kwa njia ya ndege, na kwa msafiri chupa inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi, iwe kwenye begi kubwa. Betri ya akiba ya simu ni kinyume chake, hiyo lazima ibebwe mkononi.

Msafiri ni mtu anayekufanyia hisani, mpe nafasi ya kujilinda. Mpelekee mzigo ukiwa wazi, aone kila kitu, ndipo ufungwe mbele yake. Mwambie uzito. Barua tu ndiyo inayofungwa, na bahasha iwe nyembamba kiasi kwamba inaonekana ni karatasi. Usikubali wala usitoe mzigo ambao mbebaji haujui ndani. Kisha hesabu muda kwa ukarimu: msafiri hubadilishiwa tarehe, na akifika Dar ana mambo yake. Udi wa kaka huyu ulifika kwangu zaidi ya wiki mbili kabla ya siku, ukaunganishwa na kanga kwenye boksi moja.

Asubuhi yenyewe inapangwaje?

Wifi alilala Ngamiani Jumanne, jambo la kawaida katika familia ile, hakuna aliyeshtuka. Alikuwa ameagiza mahamri tangu jana yake kwa mama anayechoma mtaani, ambaye huanza kazi kabla ya alfajiri. Boksi lilikuwa kwenye begi lake.

Kaka alikuwa ameshaambiwa mambo matatu. Ajaze chaji usiku. Akae mahali ambapo mwanga unampiga usoni, si mgongoni. Yeye alikwenda kwenye ngazi za jengo, dirishani. Na awe na kikombe cha chai mkononi pamoja na kitu cha kutafuna. Hotelini kwao hakuna mahamri, akanunua paratha kwenye mgahawa wa chini. Inatosha. Kinachofanya mle pamoja ni kutafuna kwa wakati mmoja, hata vyakula vikitofautiana.

Mpangilio ulikuwa huu, na naupendekeza kwa kila mtu: simu kwanza, zawadi baadaye. Mkewe alipomaliza kuswali, wifi alimletea chai sebuleni na kumpa simu ikiwa tayari inaita. Walizungumza kwanza kama dakika tano, salamu na mshangao, mpaka sauti na picha vikatulia. Ndipo wifi akaweka boksi mezani, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai ili mikono ya mke iwe huru, akatoka. Kutoka huku ni kwa lazima. Msaidizi akibaki kushika simu, wawili hawa watazungumza kama wako kwenye mkutano.

Alifungua kanga, akasoma jina kwa sauti, akacheka huku akijifunika nayo mdomo. Barua hakuifungua. Mumewe alikuwa ameandika juu ya bahasha: "Soma ukishakata simu." Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe na tangu hapo nawaambia wateja wengine. Simu ya mbali ina ubaya mmoja, ikikatwa nyumba inanyamaza ghafla. Barua inaijaza ile dakika.

Yote yalichukua dakika arobaini. Kisha watoto wakaamka, wakapewa simu wamsalimie baba, mama mkwe akatoka akapewa udi auchome. Ukiwa na familia nyumbani tenga sehemu mbili hivi, ya wawili na ya wote, na ya wawili itangulie.

Nikiagiza keki au maua?

Keki iagizwe mjini kwake, isipande basi. Krimu na joto la pwani haviendani. Kwa maua, pwani tuna asumini na vikuba, vinavyotungwa jioni na kunukia usiku. Vinafaa kwa saa ya pamoja ya usiku. Kwa alfajiri havifai, vitakuwa vimeshachoka.

Mimi ndiye mke, niko Dubai kwa kazi za nyumbani. Mume wangu yuko Mombasa. Nifanyeje?

Saa yako inategemea mapumziko yako. Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 inakupa siku moja ya mapumziko kila wiki. Kama siku yenu haiangukii humo, sogezeni sherehe hadi siku yako ya mapumziko na mkubaliane mapema, halafu tarehe yenyewe mtumie ujumbe wa sauti tu. Saa iliyoibwa ukiwa umejificha jikoni inaishia kwa "subiri, naitwa", na mwenzako anabaki na wasiwasi.

Kwa zawadi, mwanamume ana mtu anayejua vipimo vyake: fundi wake. Mtafute, mlipe ashone kanzu au shati, shemeji yako akachukue. Kofia ya mkono inahitaji kipimo cha kichwa, na njia rahisi ni shemeji apime ile anayoivaa Ijumaa. Mombasa una bahati ya Mtaa wa Biashara, kikoi kizuri kitapatikana bila kusafirisha chochote.

Mtandao ukikatika katikati?

Amueni mapema nani anapiga tena. Wote wawili wakipiga kwa pamoja kila mmoja anakuta mwenzake anatumika. Kwa kawaida nasema aliye Dubai ndiye arudie, mara mbili tu, kisha apige simu ya kawaida isiyotumia intaneti, kwa hiyo awe na salio la kupiga nje ya nchi.

Weka pia akiba: rekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu usiku wa kabla yake, umtumie wifi kwa WhatsApp, auhifadhi kwenye simu yake. Mambo yote yakigoma, umeme umekwenda na mnara umelala, wifi ataufungua hapo mezani bila kuhitaji mtandao wowote. Usimtumie mwenzako mwenyewe huo ujumbe kabla. Atausikiliza usiku huohuo.